Dashibodi ya mvua ya ushirika inakataana na kipimamvua, kosa liko wapi?

Bonde_la_Wete (Jumatano, saa 2:40 asubuhi)

Salaam aleikum wana jukwaa.

Sisi ni ushirika mdogo wa mpunga upande wa Wete, na wanachama karibu wote wana mikarafuu pia. Mie ndiye niliyebebeshwa mambo ya kompyuta kwa sababu tu nina laptopu. Nimetengeneza dashibodi kwenye Google Sheets, inavuta utabiri wa mvua wenyewe kila siku kutoka Open-Meteo, kisha naipeleka picha kwenye kundi la WhatsApp. Watu wanaangalia kabla ya kuanika karafuu na kabla ya kutia mbolea bondeni.

Tatizo ni hili. Leo alfajiri kipimamvua cha shambani kimetoa milimita 31. Nimekisoma saa 1 asubuhi kama kawaida. Dashibodi kwa siku ya leo, Jumatano, ilisema milimita 6. Jana ilisema 22, na jana asubuhi kipimamvua kilikuwa kikavu kabisa. Yaani siku isiyonyesha inasema imenyesha, na siku iliyonyesha inasema manyunyu. Si mara ya kwanza. Wazee wameanza kunicheka, wanasema bora waangalie mawingu ya upande wa Tanga.

Je, Open-Meteo haifai kwa Pemba, au nimekosea mie?

---

Ustadh_Konde (saa 2:58 asubuhi)

Waleikum salaam. Kuna programu nyingi za simu za hali ya hewa, pakua yoyote yenye nyota nyingi. Mie ninayo moja inanionesha mpaka mawimbi na upepo. Ya nini kujitesa na masheti?

---

Bonde_la_Wete (saa 3:05 asubuhi)

Ustadh, shukrani, lakini nusu ya wanachama wetu wana simu za kitochi, wanasomewa na wenzao. Tena tunataka kulinganisha utabiri na kipimamvua chetu, programu ya simu hainiwekei kumbukumbu ya ilichosema juzi.

---

KijanaWaChake (saa 3:20 asubuhi)

Yakhe tatizo lako dogo. Hukuweka saa za eneo. Usipoandika `timezone`, Open-Meteo inakupa GMT, sisi tuko mbele saa tatu. Ongeza hii kwenye linki:

```
&timezone=Africa%2FDar_es_Salaam
```

Halafu kama unataka mvua iliyonyesha kweli, weka `past_days=7`. Itakuletea siku saba zilizopita, hata kipimamvua huna haja nacho tena. Tatizo kwisha.

---

Bonde_la_Wete (saa 4:10 asubuhi)

Nimeweka. Sasa Jumanne inasema 14 na Jumatano inasema 14. Kipimamvua bado ni 0 na 31. Kuna nafuu, lakini bado inanivunjia heshima.

---

MzeeWaVipimo (saa 5:15 asubuhi)

Vijana, hebu tulieni kidogo. Mimi nimesoma vipimamvua miaka mingi kabla ya kustaafu, na ugomvi huu naujua tangu enzi za daftari. Hapa mna siku tatu tofauti na zote mnaziita Jumatano.

Siku ya kwanza ni ya GMT. Kwetu inaanza saa 9 usiku na kuisha saa 9 usiku ya pili yake. Hiyo ndiyo dashibodi ilikuwa inahesabu mwanzo. Siku ya pili ni ile ya kalenda, usiku wa manane mpaka usiku wa manane, ambayo kijana wa Chake amekupeleka. Amesema kweli lakini nusu. Siku ya tatu ni ya kipimamvua chako. Wewe unamwaga maji saa 1 asubuhi, kwa hiyo kila unachokikuta ndani yake kimeingia tangu saa 1 asubuhi ya jana. Kile unachokiandika "Jumatano" kwa saa nyingi zaidi ni mvua ya Jumanne mchana na Jumanne usiku.

Kwa mvua ya mchana wa jua kali hili lisingekusumbua sana, isipokuwa jina la siku tu. Lakini masika yetu huku pwani mvua nyingi inashuka usiku na alfajiri, hasa pale ambapo siku za GMT na za kalenda zinakatika. Kisu kinapita katikati ya mvua. Nusu inaangukia siku hii, nusu ile.

Toa namba za saa moja moja za usiku wa kuamkia leo utuwekee hapa. Zisiwe jumla za siku.

---

Bonde_la_Wete (saa 6:30 mchana)

Nimezitoa mzee, kwa saa zetu. Saa ambazo sikuziandika zote ni sifuri.

```
Jumanne   21:00   2
Jumanne   22:00   5
Jumanne   23:00   7
Jumatano  01:00   4
Jumatano  02:00   4
Jumatano  04:00   3
Jumatano  05:00   2
Jumatano  06:00   1
```

---

MzeeWaVipimo (saa 7:05 mchana)

Ahsante. Sasa jumlisha mwenyewe uone.

Ukikata saa 9 usiku, yaani 03:00, upande wa Jumanne unapata 2+5+7+4+4, ambayo ni 22. Jumatano inabaki 3+2+1, ambayo ni 6. Ndizo namba zako za mwanzo. Ukikata usiku wa manane, Jumanne ni 14 na Jumatano ni 14. Ndizo za pili. Ukikata saa 1 asubuhi, yote inaingia kwenye kipimo cha leo: 28. Kipimamvua kimesema 31.

Kwa hiyo utabiri wako haukukosea. Milimita 28 kwa 31 ni kazi nzuri mno, usiizoee. Kilichokosea ni kisu.

Jambo moja zaidi. Namba ya kila saa kwenye data hiyo ni mvua ya saa iliyopita, haihusu saa inayokuja. Penye 21:00 pana mvua ya kutoka 20:00 hadi 21:00. Kwa hiyo kipimo cha saa 1 asubuhi kinaanza na mstari wa 08:00 wa jana na kuishia na mstari wa 07:00 wa leo.

Vituo vya hali ya hewa vinasoma saa 3 asubuhi, ambayo ni saa 06 ya GMT. Ungeweza kuhamia saa 3 ili ufanane navyo, ila kama shambani unakwenda saa 1, baki na saa 1. Kikubwa usome saa ileile kila siku. Mkisoma leo saa 1 na kesho saa 4, hakuna fomula itakayowaokoa.

---

BiKarafuu (saa 7:40 mchana)

Samahanini kuingilia. Hizo 21:00 na 03:00 ndizo zilizotuponza sisi kule Mkoani. Kijana wetu alitupa jedwali kama hilo, katibu wetu, mtu mzima, akaona 03:00 pana mvua. Akatangaza mvua inakuja saa tatu asubuhi. Watu wakaacha karafuu kwenye majamvi usiku, wakasema wataanua baada ya chai. Mvua ikashuka saa tisa usiku kama jedwali lilivyosema! Karafuu iliyorowa siku ya pili ya kuanika inapauka rangi, inakuwa na weupe weupe, na bei yake unaijua.

Mie sitaki milimita. Mie nataka kujua usiku huu naanua au sianui, na kwa saa ya Kiswahili.

---

Dada_Mtoni (saa 8:25 mchana)

Bi mkubwa, hilo lina dawa ya mstari mmoja. Kama saa iko `B2`:

```
=MOD(HOUR(B2)+5,12)+1
```

03:00 inakuwa 9, 07:00 inakuwa 1, 21:00 inakuwa 3. Pembeni mwake andika usiku, alfajiri, asubuhi kwa maneno. Kwenye picha ya WhatsApp msioneshe saa za kizungu kabisa.

Bonde_la_Wete, nami nina maswali. Skripti yako inafuta data ya jana na kuandika juu yake? Na kama mtandao ukigoma inafanya nini?

---

Bonde_la_Wete (saa 8:50 mchana)

Inaandika juu yake, ndiyo. Ikigoma sijui. Kuna wiki moja namba zilikaa zilezile siku nne, nikadhani ndivyo hali ya hewa ilivyo. Ndani ya skripti kuna `try` na `catch (e) {}`, niliinakili mahali.

---

Dada_Mtoni (saa 9:45 alasiri)

Basi hiyo `catch` tupu ndiyo iliyomeza kosa. Skripti za Google zinatoka kwenye anwani za mtandao ambazo watu wengi wanazitumia kwa pamoja, na Open-Meteo ya bure ina kikomo cha maombi kwa kila anwani. Siku nyingine unajibiwa 429, maana yake maombi yamezidi, ingawa wewe umeomba mara moja tu. Ukikaa kimya juu ya kosa, dashibodi inaendelea kuonesha namba za zamani kwa uso mkavu. Ondoa `try` hiyo. `UrlFetchApp` ikipata kosa itasimama, na Google itakutumia barua pepe.

Na usifute ya jana. Utabiri wa kulinganisha na kipimamvua ni ule uliotolewa kabla mvua haijanyesha. Ukiandika juu yake umepoteza ushahidi. Mimi ningefanya hivi, kila mvuto unaongezwa chini ya mwingine pamoja na wakati uliovutwa:

```
function vutaMvua() {
  var url = "https://api.open-meteo.com/v1/forecast"
    + "?latitude=-5.06&longitude=39.73&hourly=precipitation"
    + "&timezone=Africa%2FDar_es_Salaam&forecast_days=3";
  var j = JSON.parse(UrlFetchApp.fetch(url).getContentText());
  var sasa = new Date();
  var safu = j.hourly.time.map(function (t, i) {
    return [sasa, t.replace("T", " "), j.hourly.precipitation[i]];
  });
  var s = SpreadsheetApp.getActive().getSheetByName("Kumbukumbu");
  s.getRange(s.getLastRow() + 1, 1, safu.length, 3).setValues(safu);
}
```

Ile `replace` usiitoe. Wakati unakuja umeandikwa na herufi T katikati, na Sheets ikiuchukua kama maneno badala ya tarehe, jumla zote zitakuja sifuri na utatafuta kosa mpaka Isha.

Weka kiamsha cha kila siku kati ya 05:00 na 06:00, yaani saa 11 hadi 12 alfajiri. Hakikisha pia saa za eneo kwenye mipangilio ya sheti si za Marekani, kwangu zilikuwa hivyo miezi miwili sijui.

Kisha kwenye ukurasa wa kulinganisha, tarehe ya kusoma kipimamvua ikiwa `E2`:

```
=SUMIFS(Kumbukumbu!C:C,
 Kumbukumbu!B:B, ">"&(E2-1+7.5/24),
 Kumbukumbu!B:B, "<"&(E2+7.5/24),
 Kumbukumbu!A:A, ">="&(E2-1),
 Kumbukumbu!A:A, "<"&E2)
```

Masharti mawili ya mwanzo ni kisu cha mzee, yanachukua 08:00 ya jana hadi 07:00 ya leo. Nimeweka saa moja na nusu ili mstari wa 07:00 usibishaniwe kwa desimali. Mawili ya mwisho yanachagua utabiri uliovutwa jana alfajiri, yaani kabla ya tone la kwanza.

Na wewe KijanaWaChake, hiyo `past_days` si mvua iliyonyesha. Ni modeli ileile, kipande chake cha saa za mwanzo kilichohifadhiwa. Hakuna mtu aliyeweka ndoo bondeni Wete kwa niaba ya Open-Meteo. Ukilinganisha utabiri na `past_days` unamuuliza shahidi yuleyule mara mbili.

---

KijanaWaChake (saa 10:10 jioni)

Nimekubali kwa `past_days`. Lakini inatumia satelaiti na vituo kurekebisha, kwa hiyo si ya kutupa.

---

MzeeWaVipimo (saa 10:30 jioni)

Si ya kutupa, hapo uko sawa. Modeli inaanzishwa na vipimo vya kweli, vya puto, vya satelaiti, vya vituo. Lakini mvua yenyewe inayotoka ni hesabu. Nimeshaona modeli inanyesha Chake milimita 20 na uwanja wa ndege vumbi linaruka.

---

Micheweni_Kwetu (saa 11:50 jioni)

Mimi nilitaka kila shehia iwe na namba yake, nikaweka nukta saba, Wingwi, Shumba, Tumbe na nyinginezo. Namba zinakuja sawasawa kama zimenakiliwa. Wakati juzi kwetu imenyesha na ng'ambo ya barabara hakuna kitu. Nikiongeza desimali kwenye latitudo itasaidia?

---

Dada_Mtoni (saa 1:20 usiku)

Haitasaidia. Angalia jibu lenyewe la JSON, juu kabisa pana `latitude` na `longitude`. Hizo si ulizoandika wewe, ni za mraba uliopewa. Kama nukta saba zinarudi na namba zilezile, umeuliza mraba mmoja mara saba. Modeli kama GFS yenye miraba ya nyuzi 0.25 ina mraba wa karibu kilomita 28, na Pemba kwa upana haifiki hapo. Mraba mmoja unakula kisiwa ukingo hadi ukingo na bahari juu. Zipo modeli zenye miraba midogo zaidi, lakini hakuna ya bure ninayoijua itakayoona ng'ambo ya barabara.

Weka nukta mbili, kaskazini na kusini, basi. Vipimamvua ndivyo viwe saba.

---

Mwani_Paje (saa 2:05 usiku)

Huku Unguja sisi tunaanika mwani. Hata milimita moja inatuharibia, kwa sababu maji ya mvua yanatoa chumvi na mwani unafifia. Nimejaribu kufuata namba za saa, saa inayosema 0.3 hainyeshi, saa inayosema 0 inanyesha. Hizi namba ndogo mnazisoma vipi nyinyi?

---

MzeeWaVipimo (saa 2:30 usiku)

Hazisomeki kama ahadi. Hiyo 0.3 ndani ya mraba mkubwa inaweza kuwa manyunyu kila mahali, au mvua nzito kijiji kimoja na jua vijiji kumi. Wastani wake ni uleule. Kwa kazi yako tazama kipindi kizima cha mchana badala ya saa moja moja, na utazame pia `precipitation_probability`. Hata hivyo kwa mvua ile ya ghafla ya mwambao, macho yako na mtu aliyekaa karibu na turubai yataishinda modeli.

---

Bonde_la_Wete (Ijumaa, saa 3:15 asubuhi)

Nimerudi. Skripti inafanya kazi, ila leo asubuhi ulinganisho umesema 56. Nikashtuka, mamlaka ya hali ya hewa ikisema mvua kubwa inaanzia milimita 50 kwa saa 24! Kipimamvua kilikuwa na 24. Nimekagua kisu, kiko sawa.

---

Dada_Mtoni (saa 3:40 asubuhi)

Nambie ukweli kaka, jana uliendesha skripti kwa mkono?

---

Bonde_la_Wete (saa 3:44 asubuhi)

Mara moja tu, asubuhi, kuonesha watu ofisini.

---

Dada_Mtoni (saa 3:52 asubuhi)

Ndiyo hiyo. Kumbukumbu ina mivuto miwili ya jana, fomula imejumlisha yote. 28 mara mbili. Futa mistari ya mvuto wa mkono, itambue kwa safu A. Ukitaka kuonesha watu, nakili sheti nzima ukachezee huko.

---

Bonde_la_Wete (saa 5:30 asubuhi)

Kweli, imerudi 28 kwa 24. Nimeongeza juu ya picha "Imevutwa lini" kwa saa ya Kiswahili, na ikipita siku moja seli inageuka kijivu na namba zinafichwa.

Limebaki la rangi. Niliweka nyekundu kwa milimita zaidi ya 30. Picha ilipofika kundini mtu akaipeleka kundi jingine akaandika "tahadhari nyekundu Pemba", na sheha akanipigia simu.

---

MzeeWaVipimo (saa 6:10 mchana)

Toa nyekundu leo hii. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatumia njano, rangi ya machungwa na nyekundu kwa tahadhari zake rasmi, na zile hazipangwi kwa milimita peke yake, zinaangalia madhara pia. Wewe tumia buluu, hafifu mpaka nzito. Chini yake weka maneno ya taarifa ya mamlaka ya siku hiyo, kama ilivyo, bila kuichanganya na namba zako.

---

KijanaWaChake (saa 6:35 mchana)

Hapo mzee siafiki. Watu wetu hawasomi maneno. Buluu nzito haimwamshi mtu saa nane za usiku aende kuanua karafuu.

---

BiKarafuu (saa 7:20 mchana)

Mie naamshwa na simu ikilia, rangi hata sioni. Hiyo dashibodi haiwezi kupiga simu?

---

Bonde_la_Wete (saa 8:00 mchana)

Bado bibi. Na swali la Kijana ni la kweli, nimeliweka kwenye kikao cha Jumapili. Kwa sasa ni buluu.

Nimepeleka vipimamvua viwili vingine, kimoja kimewekwa chini ya mwembe na mwenyewe hataki kukihamisha kwa sababu watoto watakivunja. Hicho sijui nikiandike vipi.

---

MzeeWaVipimo (saa 8:25 mchana)

Usikiandike. Mpelekee nguzo ya kukifunga, uwanjani, hatua nyingi kutoka kwenye mwembe. Watoto wape kazi ya kukisoma.